Zambarau Pande Zote Mbili za Mto

Nyinyi wajukuu mnaokwenda uwanjani na jezi zenye namba mgongoni, na timu nzima imebeba nyingine kwenye begi kama ya kwanza itafanana na ya wenzenu, kaeni chini msome. Mnadhani mambo hayo yalikuwepo tangu zamani. Hayakuwepo. Nilisoma mpaka darasa la pili tu, kwa hiyo mkikuta mahali nimekosea kuandika, nyamazeni, someni mbele.

Haya ninayowasimulia yalitokea zamani, kabla ya uhuru, wakati mimi ni mke kijana hapa Mlabani, Ifakara. Mume wangu, babu yenu, alikuwa kapteni wa timu ya mtaa wetu. Mimi nilizaliwa ng'ambo ya mto. Kaka yangu mkubwa alibaki kule, naye alikuwa kapteni wa timu yao. Kwa hiyo mume alikuwa upande huu, kaka upande ule, na mimi katikati nikiwapikia wote.

Siku hizo kila timu ilivaa nyeupe. Si kwamba mtu alikaa akachagua. Kitambaa kilichokuwapo dukani kwa wingi ni marekani, ile pamba nene isiyotiwa rangi, fundi cherehani anaikata na kushona fulana, basi. Mtaa huu nyeupe, mtaa ule nyeupe, na ng'ambo nyeupe. Tukicheza wenyewe kwa wenyewe haikuwa taabu, maana watu wanajuana sura na hata mwendo. Taabu ilikuja tulipoanza kuchezana na watu wa mbali.

Mara ya kwanza timu yetu ilivuka mto kwenda kucheza kule. Uwanja wao ulikuwa shamba la mpunga lililokwisha kuvunwa, vumbi tupu. Jioni jua likiwa chini, mume wangu alipata mpira katikati. Akasikia mtu anaita kutoka pembeni, "Nipe! Nipe!" Akatazama, akaona fulana nyeupe, akampa. Fulana ile ilikuwa ya kaka yangu. Kaka hakungoja, akapiga, goli.

Ikawa fujo. Mume wangu anasema shemeji yake kamdanganya kwa makusudi. Kaka anasema, "Nilikuwa nawaita wenzangu. Wewe ndiye uliyenipa, nami sikuukataa." Refa alikuwa mwalimu wa shule ya huku, waliyekuwa wamekubaliana naye pande zote mbili. Wakamzunguka. Yeye mwenyewe hakujua mpira umetoka kwa nani, maana aliona weupe umepiga na weupe umepokea. Akavunja mechi. Akawaambia, mbele ya watu wote, "Kuanzia leo sipulizi firimbi kwa timu mbili zilizovaa rangi moja. Mkija tena hivi, na uwanja wa shule siwapi."

Mambo ya mpira yangeishia hapo kama wangekuwa watu wengine. Lakini kaka yangu aliacha kuja nyumbani kwangu. Alikuwa kila akija Ifakara sokoni na samaki lazima apite, ale, amshike mtoto, aondoke. Sasa anapita barabarani, mkokoteni unaenda, yeye anatazama mbele. Mume wangu naye akimwona anaingia ndani kutafuta kitu ambacho hakikupotea. Mpunga ukapandwa, ukavunwa, na kaka yangu hajala chakula changu. Sikulia. Nilisema tu moyoni, hawa watu wazima wawili nitawakalisha kwenye mkeka mmoja, wapende wasipende.

Baada ya mavuno, vijana wa mtaa wakaanza kusema mechi irudiwe, safari hii hapa kwetu. Mume wangu alisitasita. Nikamwambia, "Waite. Nitapika mimi."

"Na fulana?"

"Fulana ni kazi yangu pia. Mwenyeji ndiye anayebadilisha. Huwezi kumwita mtu nyumbani kwako halafu umwambie avue."

Hilo alilikubali. Mwenye pantoni pale Kivukoni ndiye aliyekuwa mpeleka salamu wetu. Mume wangu akamwambia, "Mwambie shemeji mechi ipo, waje, na wasisumbuke na chochote." Jibu likarudi na pantoni hiyohiyo: "Tunakuja. Nanyi msisumbuke."

Nikamwuliza mume wangu, "Umewaambia kwamba tunatia rangi?"

Akanitazama kama nimemvunjia heshima. "Nimtume mtu akamwambie mgeni kwamba nasumbuka kwa ajili yake? Atajisikiaje? Atakuja, atakuta tumeshabadilisha, basi."

Nami nikaona kasema sawa. Ndivyo tulivyolelewa. Jambo unalomfanyia mgeni humtangazii.

Kutia rangi nilijua. Mama yangu alikuwa msukaji wa mikeka, na ukindu wake watu waliufuata kutoka mbali kwa ajili ya zambarau. Ile rangi ya unga ilipatikana dukani, kila mtu aliinunua, lakini ya wengine ilitoka imepauka, kama maji ya kuoshea sufuria. Mama alikuwa na njia yake. Kwanza unachemsha magome, unapata maji mekundu meusi, unaloweka humo mpaka kesho yake. Ndipo unachemsha debe la pili, unatia unga wa rangi na chumvi, unageuza kwa mti bila kuacha. Rangi inashika, inakuwa nzito, zambarau inayokaribia weusi. Unaanika kivulini, si juani. Ukianika juani umejisumbua bure.

Kitambaa ni kigumu kuliko ukindu, kinakunywa rangi vibaya, kinataka kugeuzwa hasa. Mikono yangu ilikuwa zambarau mpaka kwenye viwiko. Mama mkwe akapita akasema, "Mkwe wangu, umekuwa tunda." Nikamjibu shikamoo, nikaendelea kugeuza.

Nilipozitoa zile fulana na kuzianika nyuma ya nyumba, nilisimama nikazitazama. Zilikuwa nzuri. Mwalimu wetu alipopita, mume wangu akamwonyesha. Mwalimu akarudi nyuma hatua nyingi mpaka barabarani, akakunja macho, akasema, "Hizi zinafaa. Sitazami kama ni zambarau au ni nini. Natazama kama ni giza au ni mwanga. Wao mwanga, nyinyi giza. Hata jua likishuka na vumbi likipanda nitawatenganisha." Hilo nililiweka kichwani, na baadaye lilinisaidia.

Siku ya mechi ilikuwa Jumapili. Baada ya misa nikarudi kupika. Wali wa mpunga mpya, samaki kitoga wa mchuzi, perege wa kukaanga, majani ya maboga. Nikatandika mikeka uani. Nikasikia kuimba kutoka upande wa barabara ya Kivukoni, nikatoka na mwiko mkononi. Nikaona watu wanakuja katika vumbi, wamejipanga wawili wawili, wamevaa zambarau.

Nikasema, "Hawa wetu wanatoka wapi huko? Si wako uwanjani?"

Mama mkwe akakinga jicho kwa mkono. "Hao si wetu. Wetu hawajui kuimba."

Wakakaribia. Mbele yao kaka yangu, kifua mbele, fulana imekolea rangi kama iliyotoka kwenye debe langu. Pembeni yake wifi yangu, mke wa kaka, na kapu kichwani. Nikatazama mikono yake. Zambarau mpaka kwenye viwiko.

"Wifi," nikamwambia, "umefanya nini?"

Naye anatazama mikono yangu. "Na wewe umefanya nini?"

"Nimetia rangi, ili nyinyi mvae nyeupe zenu."

"Na sisi tumetia rangi, ili nyinyi mvae nyeupe zenu! Kaka yako kasema hatuwezi kwenda nyumbani kwa watu tukawalazimisha wabadilishe nguo. Mgeni asiwe mzigo."

"Kwa nini hamkusema?"

"Tutangaze? Ningeonekanaje?"

Na rangi ilikuwa ile ile, si kufanana tu. Wifi alifundishwa kusuka na mama yangu. Alipoolewa na kaka, alikaa na mama kabla hawajajenga, akajifunza magome yale yale, debe lile lile, chumvi ile ile. Duka nalo ni moja, lililokuwa likiuza kwa watu wa pande zote mbili. Mngeziweka fulana zao na zetu kwenye kamba moja, hata mimi niliyezitia rangi nisingetambua yangu.

Kaka yangu hakuingia uani. Alisimama barabarani, akaniitikia salamu, akasema, "Tunakwenda uwanjani kwanza." Nikajua akiingia tu uwanjani na kuona mume wangu kavaa vile, itaanza habari ya nani kamwiga nani, na mwalimu hatapuliza firimbi, na uwanja tutanyimwa, na kaka atarudi na pantoni kabla ya giza bila kutia tonge mdomoni. Nikafunika sufuria. Nikamwambia mama mkwe asiruhusu kuku kukaribia. Nikamfuata.

Nilichokikuta uwanjani nilikuwa nimeshakijua. Watu wa mtaa wamejaa pembeni, wengine wanacheka mpaka wanashikana. Mmoja anapiga kelele, "Leo wamezaliwa mapacha!" Mwingine, "Refa, waulize mama zao!" Mume wangu na kaka yangu wamesimama katikati na mwalimu, wote wawili wamenuna, na mwalimu ameshika firimbi lakini haiko mdomoni.

"Nilisemaje?" mwalimu anawauliza. "Nilisema sipulizi."

Mume wangu akasema, "Mwalimu, mimi ni mwenyeji. Timu yangu itavua. Tutacheza vifua wazi."

"Mtaingiaje vifua wazi na masista wamekaa pale?" mwalimu akamjibu. "Na hata wasingekuwapo, tazama fulana ya shemeji yako na utazame kifua chako. Jua likishuka ni giza na giza. Nitakuwa sijapata kitu."

Kaka yangu akadakia, "Basi tuvue sisi, twende tukaazime mashati. Sisi ndio tumekuja kuwasumbua."

"Hamtavua," mume wangu akasema.

"Tutavua."

"Shemeji, nimesema hamtavua. Mgeni havuliwi nguo uwanjani kwangu."

"Na mimi nimesema simsumbui mtu!"

Sauti zimepanda. Mtu wa mbali angedhani wanatukanana, kumbe wanagombania heshima. Ilikuwa mara ya kwanza tangu lile goli kuongea wao kwa wao, na walivyokuwa wakiongea ndivyo hivyo. Mashati ya kuazima nayo hayakuwa jibu. Mmoja angekuja na la kijivu, mwingine la mistari, mwingine la khaki, na timu inatakiwa ionekane timu. Mwalimu alikwisha kusema.

Mimi sikuwa na haja ya kufikiri sana. Mwalimu kataka giza na mwanga. Giza tunalo la kutosha. Nikarudi nyumbani haraka, nikafungua sanduku langu, nikatoa mashuka mawili meupe. Yalikuwa mapya. Nilikuwa nayo tangu harusi, kaka yangu ndiye aliyeninunulia, nami niliyatunza, kitanda nakitandika kanga. Nikachukua kisu na tita la ukindu ambao haujatiwa rangi.

Niliporudi, wifi aliniona akaelewa bila kuambiwa. Tukakaa chini pembeni ya goli, mimi na yeye, tukapasua. Kila kipande kirefu, upana wa kifua cha mtu. Katikati unatoboa tundu la kichwa. Mtu anapitisha kichwa, upande mmoja unaning'inia mbele, mwingine nyuma, ubavuni unafunga kwa ukindu kulia na kushoto. Mbele nyeupe, nyuma nyeupe, mikono tu ndiyo zambarau. Nikaanza kuwavisha wetu.

Kaka yangu akaja juu yangu. "Dada, acha. Tuvae sisi."

"Nani mwenyeji hapa?"

"Nyinyi, lakini..."

"Basi. Mgeni anaingia na nguo aliyokuja nayo. Ondoka kwenye mwanga wangu, sioni tundu."

Akainama kutazama kitambaa. Akakishika pembe. "Hili si shuka nililokununulia mimi?"

"Ndilo."

"La harusi?"

"Mna harusi nyingine mnayoitaka leo?"

Akaiachia pembe ya kitambaa. Kisha akamgeukia mume wangu, ambaye nilikuwa nimeshamvisha, kichwa kimetoka juu kama cha kasa. Akamtazama kuanzia juu mpaka chini. "Shemeji, yaani nimetoa shuka langu ili ulivae, unifunge?"

Mume wangu akajitazama. "Wewe ulilitoa. Nami sikulikataa."

Hayo yalikuwa maneno ya kaka mwenyewe ya mwaka ule, amerudishiwa. Nilishusha macho nikaendelea kukaza ukindu, maana sikujua yatakwenda upande gani. Kaka akaanza kucheka. Kaka yangu akicheka anapiga paja, na alilipiga hasa.

Mwalimu akarudi nyuma mpaka kwenye mstari wa pembeni, akakunja macho. "Wenyeji mwanga, wageni giza. Safi." Akatia firimbi mdomoni. Wifi yangu akanong'ona, "Na yeye je?"

Mwalimu alikuwa kavaa shati jeupe.

Nikapaza sauti, "Mwalimu! Shikamoo mwalimu! Wewe unachezea timu gani?"

Watu walicheka mpaka masista wakaficha nyuso. Mwalimu akajitazama kifua, akatoa firimbi. Akiwa na jeupe lile, mtu wetu angempa yeye mpira. Zambarau hawezi kuvaa. Katekista akavua koti lake jeusi la Jumapili akampa. Nikasema mbona nalo giza? Lakini koti ni refu, limefika karibu na magoti, wala hakuna mchezaji mwenye koti, hivyo hakuna wa kumchanganya naye. Makipa wote wawili walikuwa na mashati ya khaki, mwalimu akasema hao waache, kila mmoja yuko langoni kwake, hawachanganyiki na wenzao wala na wapinzani. Akapuliza. Maskini mwalimu, alikimbia mechi nzima ndani ya koti lile, jasho linamtoka kama anaumwa homa.

Mechi yenyewe ilikuwa nzuri. Jua likashuka, vumbi likapanda, na hakuna aliyekosea mtu. Katikati ya kipindi cha pili mume wangu akapata mpira mahali karibu na palepale pa mwaka ule. Kaka yangu, pembeni, akanyoosha mikono na kuita kwa sauti kubwa, "Nipe! Nipe!" Uwanja mzima ukaguna. Mume wangu akasimama, akamwonyesha kwa kidole kitambaa chake cheupe, kisha akampa mtu wetu. Watu wakapiga makofi kuliko walivyopiga kwa goli. Tulifungwa, hata hivyo, na goli walilotufunga lilikuwa halali, wala hakuna aliyebisha. Mpira wenyewe walituzidi.

Lakini jasho na rangi havipatani. Tulikuwa tumezisuuza fulana kwa haraka, mimi huku na wifi kule, na vijana walipotoka uwanjani shingo zao zilikuwa zambarau, vifua zambarau, na yale mashuka yangu yamekuwa na mabaka kama majani ya mhogo yenye ugonjwa. Kaka yangu aliingia uani kwangu hivyo hivyo, shingo rangi ya ukindu, akaketi kwenye mkeka karibu na mume wangu bila kuambiwa akae wapi. Akanawa. Maji ya bakuli yakawa zambarau. Mume wangu akanawa humo humo baada yake.

Kaka akala. Alikula kichwa cha kitoga, kama alivyopenda tangu mtoto, akanyonya mifupa, akaomba wali mwingine. Sikumtazama sana. Nilimpakulia tu. Mama mkwe akamwuliza, "Baba, mbona ulipotea?" Akajibu, "Nilikuwa sioni njia, mama, nyeupe ilikuwa nyingi." Mume wangu akatabasamu huku anatafuna, akamsogezea pilipili.

Tuliwasindikiza mpaka njia ya Kivukoni, wakawahi pantoni mwanga ukingalipo. Tangu siku hiyo kaka akija sokoni alipita, na samaki wa kwanza alikuwa wangu.

Niliporudi uani nikawakuta wote wamekaa, mume wangu, wadogo zake, vijana wa timu, wameshiba, wanasimuliana na kucheka. Debe langu la rangi limelala pembeni halijaoshwa. Mmoja akasema mechi nyingine itakuwa kule ng'ambo, na safari hiyo watie kijani. Nikasimama mbele yao, mikono kiunoni, nikawaambia, na neno hilo halijabadilika katika nyumba hii mpaka leo:

"Hakuna fulana itakayoingia kwenye debe langu, ya kijani wala ya nini, mpaka mmoja wenu avuke mto, azione za wenzetu kwa macho yake, na anirudie na kipande cha kitambaa chao mkononi. Heshima mtaionyesha kwenye chakula. Na sanduku langu la mashuka mtu asilisogelee. Sasa inukeni mkasugue hilo debe."